Malaria Niliyougua Mazishini

Nilipokuwa atachimenti niliugua malaria siku tatu, na siku hizo zote tatu nilikuwa Vihiga nikimzika shosho yangu. Mwili ulitolewa mochari Ijumaa, tukazika Jumamosi, Jumatatu tukanyoa, Jumanne nikapanda gari la kurudi Nairobi. Jumatano saa mbili kasoro nilikuwa langoni pa karakana nikikohoa kidogo, manake sikukumbuka kama malaria huwa na kikohozi au la.

Nawaandikia watu wawili. Wa kwanza ni wewe uliye atachimenti sasa hivi, unayetunga ugonjwa. Wa pili ni supavaiza wako, anayekulazimisha kuutunga. Kati yenu wawili, mwenye kosa kubwa ni wa pili. Najua, kwa sababu leo ni mimi ninayesaini logibuku.

Karakana yetu ilikuwa inasuka mota. Mota ikiungua, waya wa shaba uliomo ndani hung'olewa wote, halafu unasukwa upya. Kabla ya kung'oa, unahesabu: ni koili ngapi, kila koili ina mizunguko mingapi, waya una unene gani, koili inaruka kutoka mfereji upi hadi upi. Hesabu hiyo inaandikwa kwenye kadi. Ukishang'oa waya, kadi ndiyo mota. Bila kadi una chuma kitupu chenye mifereji.

Alhamisi ile simu kutoka nyumbani ilinikuta na mota ya kinu cha posho mezani. Mifereji 36, koili 36, na nilikuwa nimeingiza 14. Jioni nikatoka kama kawaida, nikaingia basi la usiku, na asubuhi nikatuma ujumbe: "Foremani, nimeamka na malaria, siwezi simama." Kadi ya hesabu ilikuwa mfukoni mwa ovaroli yangu, na ovaroli nilikuwa nimeibeba kwenda kufuliwa.

Sikuwa mtu mbaya. Kwa nini sikusema tu kwamba shosho amefariki? Kwa sababu wiki ya pili ya atachimenti, mwenzangu mmoja aliomba Ijumaa moja akamsindikize mamake kliniki, na Foremani akamjibu mbele ya karakana nzima: "Nyinyi mmekuja kusoma ama mmekuja kuzurura? Hiyo nitaikumbuka kwa fomu." Neno fomu lilitosha. Ile fomu ya tathmini ndiyo ilikuwa inaamua kama tungerudi chuoni na alama au na aibu. Kuanzia siku hiyo, sisi wanne tuliokuwa pale tulijifunza somo ambalo halikuwa kwenye mtaala: mtu mzima haombi ruhusa, mtu mzima huugua.

Na hapo ndipo ugomvi wangu unapoanzia.

Uongo wa ugonjwa una tabia moja ambayo watu hawaifikirii. Ugonjwa lazima uje ghafla. Huwezi kumwambia bosi Jumanne kwamba Ijumaa utaamka na malaria. Kwa hivyo anayedanganya hawezi kukabidhi kazi. Hawezi kumpa fundi kadi na kumwambia, "Nimefika koili ya 14, waya ni huu, endelea kutoka mfereji wa 15." Angefanya hivyo angejulikana. Uongo unamlazimisha aondoke kama mtu anayekimbia, kazi ikiwa wazi mezani.

Ile mota ilikaa siku tatu. Fundi mkuu alijaribu kuhesabu mizunguko kutoka kwa waya wa zamani, lakini ulikuwa umeshachomwa na kutupwa kwenye gunia la vyuma chakavu pamoja na mwingine. Kukisia hakuwezekani. Mizunguko ikipungua, mota inavuta umeme mwingi na kuungua tena. Ikizidi, inakosa nguvu na kinu kinakwama mahindi yakiwa ndani. Mwenye kinu alipiga simu kila siku. Kama ningesema ukweli Alhamisi jioni, kadi ingebaki mezani na mota ingetoka Jumatatu.

Basi nani aliyemkosesha mteja mota yake? Mimi, ndiyo. Lakini pia yule aliyefanya ukweli uwe ghali kuliko uongo.

Nikirudi, Foremani aliniuliza karatasi ya daktari. Nikasema nilimeza dawa za kemisti. Hakusema kitu. Sikujua kwamba binamu yangu alikuwa ameweka picha za mazishi kwenye stetasi ya Watsapu, mimi nimesimama mstari wa mbele na leso kichwani, na kwamba mmoja wa mafundi alikuwa na namba ya binamu huyo. Dunia ya Nairobi ni ndogo kuliko tunavyodhani. Mzee alijua tangu Jumapili. Alinyamaza wiki saba, akangoja fomu.

Wacha nikuonyeshe hesabu ya fomu, kwa sababu hapa ndipo wengi wanaogopa pasipo na kitu na kupuuza penye hatari. Atachimenti yetu ilikuwa wiki 12, siku tano kwa wiki, yaani siku 60. Nilikosa tatu. Nilihudhuria siku 57, ambayo ni asilimia 95. Fomu yetu ilikuwa na kipengele cha mahudhurio chenye alama 10. Kwa hesabu ya haki ningepata 9.5. Siku tatu za shosho zilikuwa na thamani ya nusu alama.

Nilipewa 4. Kwenye uaminifu nikapewa 3 kati ya 10. Kwenye bidii, ambapo kabla ya hapo nilikuwa nasifiwa, nikapewa 5. Kile nilichoogopa, yaani kukosa siku, kilikuwa kinanidai nusu alama. Kile nilichotumia kujikinga kilikula zaidi ya alama 15. Fomu hizi hujazwa wiki ya mwisho, kwa kumbukumbu, na mtu ambaye ana kazi nyingine. Hafungui logibuku kuhesabu siku. Anakumbuka jambo moja au mawili kukuhusu, kisha anakupaka rangi hiyo kutoka juu hadi chini. Ukimpa jambo la kukumbuka, hakikisha si uongo.

Sasa nigeukie wenzangu wa upande huu wa meza.

Mara nyingi nasikia supavaiza akisema, "Sheria haimpi atachimenti ruhusa." Nimeisoma hiyo sheria. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inampa mfanyakazi siku 21 za likizo yenye malipo kila baada ya miezi 12 ya kazi. Na anayeondoka kabla ya mwaka, mradi amemaliza angalau miezi miwili, anahesabiwa siku moja na robo tatu kwa kila mwezi. Sheria hiyo hiyo inasema mfanyakazi ni mtu aliyeajiriwa kwa mshahara au ujira, na inamjumuisha mwanagenzi wa mkataba. Mwanafunzi wa atachimenti, asiye na mshahara wala mkataba wa kazi, amebaki mlangoni: ndani ya karakana, nje ya kifungu.

Lakini hebu tufanye hesabu hata hivyo. Wiki 12 ni karibu miezi mitatu. Siku moja na robo tatu mara tatu ni siku tano na robo. Kama huyu kijana angekuwa analipwa, sheria ingemhesabia siku tano za mapumziko kwa muda huo, na ungempa bila kumuuliza anaenda wapi. Sasa halipwi. Nauli anajitolea. Lanchi anajitolea, siku nyingine hali. Anasuka mota ambazo unamtoza mteja bei kamili. Halafu akiomba siku mbili kati ya zile tano ambazo mwenzake mwenye mshahara angekuwa nazo, unamwambia utaikumbuka kwa fomu. Hiyo ni nidhamu gani? Unamtoza kodi mtu ambaye hujamlipa.

Na kabla hujaniambia kwamba mazishi hayamo kwenye sheria, nakubali. Sheria ya Ajira haina likizo ya msiba hata kwa mfanyakazi wa kudumu. Ina ya mwaka, ya uzazi, ya baba, ya ugonjwa. Ya ugonjwa inataka karatasi iliyosainiwa na daktari. Makampuni yanayotoa siku za msiba huzitoa kwa sera zao au kwa makubaliano na chama cha wafanyakazi. Angalia basi sheria inavyompanga mtu: ugonjwa una mlango, kifo hakina. Unashangaa vijana wanapita mlango uliopo?

Najua jibu lenu. "Ukiwafungulia watazoea." Kwamba vijana wa siku hizi ni wavivu, wakipewa kidole wanataka mkono. Nimesimamia wa kutosha kukiri kwamba wapo wanaotoroka. Nilikuwa na mmoja aliyepotea siku tisa akiendesha bodaboda ya mjombake, kisha akaja Ijumaa ya mwisho na logibuku tupu akitaka nisaini wiki mbili kwa mpigo. Sikusaini. Lakini chunguza vizuri: huyo hakuomba. Watoro hawaombi ruhusa, hawana haja nayo. Ukimwadhibu anayeomba, humgusi mtoro hata kidogo. Unamfundisha tu yule mwaminifu kufanya kama mtoro.

Mwaka jana nilikuwa na binti wa stashahada ya umeme, wiki ya sita. Jumatatu asubuhi, wiki moja na siku kadhaa kabla ya siku alizotaka, alinijia kabla mashine hazijawashwa. Akasema, "Madam, nina jambo la dakika mbili, nitakuandikia pia ndio usisahau." Akanieleza kwamba alikuwa na sapu ya hesabu chuoni. Ujumbe aliotuma baadaye ninao hadi leo, na nauweka hapa kwa idhini yake, kwa sababu umefanya kila kitu ambacho mimi sikufanya:

"Habari ya asubuhi Madam. Naomba ruhusa ya siku mbili, Alhamisi na Ijumaa ya wiki ijayo, niende chuoni kufanya sapu. Picha ya ratiba ya mtihani ni hii. Mota ya pampu niliyo nayo nitamaliza kuingiza koili Jumanne na kuipima. Jumatano nitaikabidhi kwa fundi pamoja na kadi. Nitarudi Jumatatu saa mbili. Kama siku hizo hazikufai, naomba tuongee kesho kabla ya kazi."

Soma tena polepole. Siku zimetajwa kwa jina, si "siku chache." Sababu imekaa kwenye sentensi moja. Hakunieleza alianguka mtihani namna gani wala jinsi alivyolia, na hakuniita mama yake ili nimwonee huruma. Ushahidi umekuja kabla sijauomba. Kisha, na hili ndilo lililonifanya nikubali nikiwa bado nimesimama, ameitazama kazi na kuichagua siku ambayo kazi yenyewe inaweza kupumua. Mota ambayo koili zake zimeshaingia na kupimwa inaweza kupakwa vanishi na kutiwa tanuri na mtu yeyote. Mota iliyosukwa nusu ni ngumu kuendelezwa na mtu asiyeianza. Binti alijua tofauti hiyo, na mimi nikajua kwamba ameshakuwa fundi. Ombi lake la ruhusa lilinionyesha uelewa wake kuliko maswali yote niliyowahi kumuuliza.

Mwishoni ameniachia nafasi ya kusema hapana bila kugombana. Hiyo ni heshima ambayo mabosi wengi hawaipati hata kutoka kwa wenzao.

Zile siku mbili hakuziacha wazi kwenye logibuku, wala hakuzijaza kazi ya kubuni. Aliandika: "Ruhusa, mtihani wa sapu, imeidhinishwa na msimamizi." Nikasaini kando. Nakuomba ushike hili hata ukisahau mengine yote. Logibuku ndiyo kumbukumbu pekee ambayo wewe na supavaiza mnaishika pamoja. Mwezi mmoja baadaye mimi nitakuwa nimesahau kama uliomba au ulitoroka. Saini yangu haitasahau. Lekchara akija kukagua na kuuliza kuhusu pengo la siku mbili, unafungua ukurasa, mazungumzo yanaisha. Mwambie pia lekchara mapema siku utakazokosekana, maana wengi huja bila kutangaza, na akikukosa siku hiyo huenda asirudi.

Kwa hesabu yangu binti alihudhuria siku 58 kati ya 60. Nilimpa 10 kwa mahudhurio. Mtu aliyeruhusiwa hajakosa. Amekuwa mahali nilipomruhusu awe.

"Na msiba je?" utaniuliza. "Kifo hakitoi notisi ya wiki." Kweli. Kwa msiba huna wiki, lakini una saa. Piga simu usiku huo huo, usitume ujumbe tu. Sema nani amefariki, mazishi ni lini, utarudi siku gani. Kisha sema kazi iko wapi: "Kadi iko kwenye droo ya kwanza, nimefika koili ya 14." Sentensi hiyo moja ingeokoa mota yangu. Ukirudi, kijikaratasi cha ratiba ya mazishi kinatosha kuwa ushahidi. Familia nyingi huchapisha, hata kama ni fotokopi. Usikubali kuambiwa ulete cheti cha kifo, hicho hutoka baadaye na si mali yako.

Akikataa, muulize kwa upole kama kuna siku nyingine au kama unaweza kufidia, na umwandikie mliyozungumza. Halafu mjulishe anayeshughulika na atachimenti chuoni, kama taarifa, si kama kesi. Usianze na chuo kabla ya kuongea naye. Hakuna foremani anayependa kusikia habari za karakana yake kutoka kwa simu ya lekchara. Na kama ni mzazi umempoteza na jibu bado ni hapana, nenda. Nenda ukiwa umesema unaenda. Utapoteza alama, sitakudanganya. Lakini utazipoteza kwa ukweli, na ukiulizwa chuoni kwa nini, utakuwa na maneno na tarehe za kuonyesha. Mimi nilipoulizwa kuhusu ile 3 ya uaminifu sikuwa na la kusema. Alikuwa amenionea, na pia alikuwa amesema kweli.

Kwa masupavaiza nina ombi dogo, wala halihitaji bunge. Siku ya kwanza, mnapowaonyesha vijana mahali pa kuweka mabegi na swichi ya dharura, waambieni pia: ukiwa na shida, una siku tatu katika wiki hizi 12, niambie mapema, kadi ibaki mezani. Chagua idadi yako, mbili, tano, bora itajwe. Na wiki ya mwisho, kabla hujajaza ile fomu, fungua logibuku uhesabu siku kwa kidole. Mambo mawili. Hayatakugharimu hata senti, na mteja wako hatangoja mota siku tatu kwa sababu mtoto aliogopa kusema amefiwa.

Yule Foremani wangu alistaafu. Tulikutana mara moja kwenye duka la vipuri, akanisalimia vizuri, akaniuliza bado nasuka. Nikasema nasuka. Kabla hajaondoka akanigusa bega, akasema, "Pole kwa shosho." Miaka sita imepita. Ilikuwa mara ya kwanza mtu wa karakana ile kunipa pole, na nilitambua pale dukani kwamba ni mimi niliyewanyima wote nafasi ya kunipa. Nilirudi kazini siku ile ya Jumatano nikiwa nimefiwa, na watu wote wakaniuliza kama nimemaliza dozi.